"Nyumba ikiuzwa": je, dalali analipwa hata kama mnunuzi nimempata mwenyewe?

Habari za kazi mshauri. Naishi Moshi. Mwezi wa pili mwaka huu nilimpa dalali mmoja nyumba yangu ya Pasua anitafutie mteja. Tuliandikiana nusu ukurasa wa daftari kwa mwandiko wake, tukasaini wote wawili: "Nimempa dalali kazi ya kutafuta mteja wa nyumba yangu Pasua, bei milioni 70. Nitamlipa asilimia kumi ya bei nyumba ikiuzwa." Akaandika ukutani NYUMBA INAUZWA na namba yake ya simu. Alileta watu watatu, wa mwisho mwezi wa nne, hakuna aliyerudi. Baadaye niliona kwenye stetasi yake ya WhatsApp nyumba yangu ameiweka milioni 78.

Mwezi wa nane mdogo wangu anayefanya kazi Himo alimleta mwenzake wa kazini pamoja na mkewe. Tukaelewana milioni 62, tukaandikishana kwa wakili, hela yote imelipwa benki na uhamisho wa hati umeanza. Dalali aliposikia alikuja na hasira. Ili aondoke nilimtumia 200,000 kwa simu, na kesho yake nikamwandikia, "Nitakuangalia mambo yakikaa sawa." Sasa anadai milioni 7, anasema karatasi iko wazi, nyumba imeuzwa. Anatishia kwenda polisi na kuzuia hati, na ameshampigia mnunuzi kumwambia nyumba ina mgogoro. Nimlipe?

Mwenye nyumba, Pasua

*

Dada, usilipe milioni 7, na kwa wiki hii usiongeze hata shilingi moja. Kwa jinsi ulivyoeleza, haki iko upande wako. Ila kuna swali moja ambalo hujaniambia kama umemuuliza mnunuzi, na jibu lake linaweza kugeuza kila kitu. Nitalifikia baada ya karatasi, kwa sababu dalali amejenga dai lake lote juu ya neno moja la karatasi hiyo.

Neno lenyewe ni "ikiuzwa". Angeandika "akiiuza" au "akileta mteja atakayenunua", leo asingekuwa na cha kukwambia. "Ikiuzwa" haimtaji muuzaji, ndiyo maana anasema nyumba imeuzwa, basi anakudai. Mkataba hausomwi kwa kunyofoa neno moja. Sentensi ya kwanza inataja kazi aliyopewa, yaani kutafuta mteja. Ya pili inataja malipo na wakati wa kulipa. Zikisomwa pamoja zinasema hivi: huyu atatafuta mteja, na ujira wake hapewi mkononi mteja anapoletwa tu, bali mauzo yakikamilika. "Ikiuzwa" inajibu lini, haijibu nani.

Usomaji huo unaungwa mkono na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika sehemu inayohusu wakala na mtu aliyemtuma. Kama hakuna makubaliano maalumu yanayosema vinginevyo, malipo ya wakala hayadaiwi mpaka kazi aliyopewa iwe imekamilika. Kazi ya huyu ilikuwa kupata mteja. Alileta watatu, wote wakaondoka, kwa hiyo kazi haikukamilika. Kuna na kanuni ya zamani ya kusoma mikataba: maneno yenye utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Mwandiko ni wake. Kama alitaka alipwe hata ukimpata mnunuzi kwa njia zako, alikuwa na kalamu mkononi.

Wapo madalali wanaoandika hivyo, na mahakama itawapa haki yao kwa sababu muuzaji alikubali. Maneno ya kutafuta ni kama "nimempa yeye peke yake", "sitauza bila kupitia kwake", au "nitamlipa hata nikiuza mwenyewe" ndani ya miezi kadhaa. Chukua karatasi halisi, wala usitegemee kumbukumbu, usome nyuma na mbele, pamoja na maneno yoyote yaliyoongezwa pembeni. Kama yeye ndiye mwenye nakala halisi na wewe huna hata picha, mwambie akutumie picha kabla hujajibu dai lolote. Anayedai kwa karatasi lazima aioneshe. Ikija na mstari ambao haukuwepo ulipotia saini, utauona mara nyingi kwa kalamu tofauti au herufi zilizobanwa juu ya saini. Hapo usibishane naye kwa simu, ipeleke picha hiyo kwa wakili.

Nikutoe na wasiwasi kuhusu hiyo asilimia kumi. Ni desturi ya soko, haikupangwa na sheria yoyote. Inakubana kwa sababu tu uliiandika, na inakubana kwa masharti uliyoyaandika. Hata hesabu yake ya milioni 7 imekosewa. Amepiga asilimia kumi ya milioni 70, bei uliyoitaja mwanzoni, wakati nyumba imeuzwa milioni 62. Hata siku anayoshinda kila hoja, dai lake lisingezidi milioni 6.2, na ungetoa 200,000 aliyokwisha kupokea, ikabaki milioni 6. Hiyo ndiyo dari ya ugomvi huu, uikumbuke mtakapokaa mezani.

Sasa swali lenyewe. Muulize mnunuzi, akiwa na mkewe: mlisikia lini kwa mara ya kwanza kwamba nyumba hii inauzwa, na kwa nani? Kisha: kabla mdogo wangu hajawaleta, kuna aliyepiga ile namba ya ukutani, au kuona tangazo la dalali, au kuletwa naye pale?

Nakusisitizia hili kwa sababu karatasi ikishasomwa kwa haki, kinachobaki ni kujua mauzo yamezaliwa na nini. Dalali hahitaji kuwepo siku ya kusaini, wala kushiriki kupatana bei. Akimleta mtu, mtu huyo akaja kwako kwa mlango wa nyuma ili mgawane asilimia kumi, dalali analipwa, na anastahili. Vilevile haitoshi kwake kusema alipiga rangi ukuta. Ni lazima kuwe na uzi unaotoka kwenye kazi yake mpaka kwa huyu mnunuzi.

Chukua majibu mawili. La kwanza, mnunuzi anasema aliambiwa na mdogo wako kazini, Jumapili wakaja wote watatu, na ule mwandiko wa ukutani aliuona siku hiyo akiwa tayari getini. Hapo ukuta haukumleta, umemkuta. Hata kama alipiga namba ile jioni yake ili kulinganisha bei, haibadiliki sana, maana alikwisha kukutana na wewe. La pili, anasema mwezi wa tano alipita Pasua, akaona ukuta, akapiga, dalali akamtajia milioni 78, akaona ni nyingi akaacha. Miezi mitatu baadaye akagundua mwenye nyumba ni dada wa mwenzake wa kazini. Hili ni jibu la hatari kwako. Dalali ndiye aliyemjulisha kwamba nyumba inauzwa, na mdogo wako amekuja kufungua mlango tu. Likitoka jibu la namna hiyo, tafuta suluhu mapema badala ya kesi.

Mkewe nimemtaja kwa makusudi. Katika migogoro hii mara nyingi inakuja kufahamika kwamba mmoja wa wale "watu watatu" alikuwa kaka wa mnunuzi, au mke alikuja peke yake na rafiki yake. Mtu wa nyumba moja aliyeoneshwa na dalali anaweza kuhesabiwa kuwa ni mteja wa dalali, hata kama jina kwenye mkataba wa mauzo ni la mwingine.

Kama jibu ni la kwanza, usiliache hewani. Mwombe mnunuzi aandike maelezo ya nusu ukurasa: jina lake, tarehe aliyoambiwa, aliyemwambia, siku aliyofika, na sentensi moja kwamba hakuletwa wala kujulishwa na dalali yeyote. Mdogo wako aandike yake. Wote wasaini na kuweka tarehe. Karatasi hizo haziwaondolei wajibu wa kuja kusimama mahakamani ikibidi, lakini zinawashika kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Meseji za kwanza kati yako na mdogo wako kuhusu mteja huyu usizifute, na usibadilishe simu kabla ya kuzihifadhi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu meseji kutumika kama ushahidi, na meseji ya Julai inayosema "kuna jamaa wa kazini anatafuta nyumba Moshi" ina nguvu kuliko maneno mengi ya Oktoba.

Upande wa pili, yeye ndiye mdai, na mdai ndiye mwenye kuthibitisha. Mtake akutajie kwa maandishi ni akina nani aliowaleta, lini, na kama huyu mnunuzi yumo. Fanya hivyo kabla hajapata nafasi ya kuisuka vizuri hadithi yake. Akikujibu leo kwamba "karatasi inasema ikiuzwa" bila kumtaja mnunuzi, hiyo ni dalili kwamba hakumleta. Akija mwezi ujao na hadithi mpya ya kwamba alimwonesha mwezi wa sita, utakuwa na jibu lake la kwanza mkononi.

Ile 200,000 na meseji ya "nitakuangalia" ndizo zinazokunyima usingizi, nahisi. Wakili wake atasema ulianza kulipa deni. Lakini hukutaja deni, hukutaja asilimia, hukuahidi kiasi. "Nitakuangalia" kwa Kiswahili cha kila siku ni ahadi ya fadhila, na mtu hudai deni, hadai fadhila. Hata hivyo ni mlango ulioufungua mwenyewe, kwa hiyo usiupanue. Usimtumie tena hela kidogo kidogo za kumtuliza, maana ya pili na ya tatu zitaanza kuonekana kama malipo ya awamu. Ukitaka kumpa kitu, kiwe kimoja, kwa maandishi, na kimalize jambo.

Na kuhusu milioni 78, chukua picha ya ile stetasi kama bado unayo, au muulize yeyote aliyeiona. Wewe ulisema 70, yeye akatangaza 78. Huenda hiyo tofauti ya 8 alikuwa anatafuta "cha juu". Wakala anayejitengea faida ya siri kwenye mali ya aliyemtuma, bila kumwambia, anavunja wajibu wake, na hilo linamwondolea nguvu anapokuja kudai ujira mbele ya hakimu. Pengine ndiyo sababu iliyowakimbiza wale watatu. Usiifanye hoja yako ya kwanza. Iweke ya pili, baada ya "hukumleta mnunuzi".

Vitisho sasa. Deni la udalali ni madai, si jinai. Polisi si wakusanyaji wa madeni. Ukiitwa kituoni nenda kwa adabu, beba karatasi zako, sema ni dai la mkataba linalobishaniwa, na usisaini pale ahadi yoyote ya kulipa. Watu wengi hupoteza kesi nzuri kwa sahihi ya kituoni waliyoiweka ili warudi nyumbani mapema. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwasuluhisha kama wote mnataka, lakini hana mamlaka ya kukuamuru ulipe. Baraza la Ardhi nalo halihusiki, maana hamgombei ardhi, mnagombea fedha.

Kuzuia hati ndicho kitisho kinachomtia hofu mnunuzi, kwa hiyo mweleze vizuri. Sheria ya Usajili wa Ardhi inamruhusu mtu mwenye masilahi katika ardhi iliyosajiliwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Dalali anayedai asilimia yake hana masilahi katika nyumba. Hana sehemu ya nyumba, hakuikopeshea, hakuinunua. Anakudai wewe, haidai nyumba. Mwombe wakili aliyewaandikisha amwandikie mnunuzi maelezo hayo mafupi na afuatilie uhamisho usisimame. Ukisikia zuio limewekwa kweli, usingoje, wakili aombe liondolewe mara moja.

Kama dalali hatanyamaza, njia yake halali ni Mahakama ya Mwanzo, na kiasi hiki kinaingia kule bila shida. Kesi inasikilizwa kwa Kiswahili na unaweza kujieleza mwenyewe. Wito ukifika, nenda tarehe hiyo hiyo. Asiyefika husikilizwa upande mmoja, na hapo hata dai bovu linashinda. Ukishindwa, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Lakini kabla ya kufika huko, kama jibu la mnunuzi ni lile la kwanza, mpelekee dalali barua. Iandike kwa mkono au uichape, nakala mbili, na akiipokea asaini nakala yako. Akikataa, piga picha umtumie WhatsApp, kisha hifadhi alama ya kusomwa. Iwe fupi kama hivi:

"Yah: Dai lako la shilingi 7,000,000. Kwa makubaliano yetu ya mwezi wa pili ulipewa kazi ya kutafuta mteja. Hakuna mteja uliyemleta aliyenunua. Mnunuzi wa nyumba alijulishwa na ndugu yangu, na wewe hukuhusika. Kwa hiyo sidaiwi asilimia kumi. Kama unadai kwamba wewe ndiye uliyemleta, nitajie kwa maandishi ndani ya siku 7 ni lini na kwa namna gani. Shilingi 200,000 niliyokutumia ilikuwa ya usumbufu wako, si sehemu ya deni. Kuanzia leo huna idhini yangu ya kutangaza nyumba hii wala kuwasiliana na mnunuzi kwa niaba yangu."

Usiongeze mambo ya stetasi wala malalamiko ya ule ujio wake wa hasira. Barua hii huenda hakimu akaisoma.

Ukipenda amani zaidi ya ushindi, kuna nafasi ya kupatana, na sioni aibu ndani yake. Alinunua rangi, aliwaleta watu watatu, alitumia mafuta. Dalali wa "nikiuza ndiyo nalipwa" hubeba hasara hiyo mwenyewe, ni asili ya kazi yake, kwa hiyo hulazimiki. Lakini ukiona 300,000 nyingine inakununulia utulivu na kumpa mnunuzi wako usingizi, itoe. Masharti ni kwamba barua ya hapo juu iwe imetangulia, mkae mbele ya shahidi, na papo hapo asaini kwamba amepokea kiasi hicho kumaliza madai yake yote juu ya nyumba ya Pasua, na kwamba hamdai muuzaji wala mnunuzi. Arudishe na ile nusu ya daftari, au muandike juu yake kwamba imefutwa, wote msaini. Ukitoa hela bila karatasi hiyo utakuwa umelipa awamu ya pili.

Jambo la mwisho linahusu ukuta. Nyumba imeuzwa, na mnunuzi atataka kupiga rangi haraka, ana haki. Mwombe asubiri siku moja. Nenda upige picha ule mwandiko wote, karibu mpaka namba isomeke, kisha kwa mbali geti na barabara vionekane, maana dalali akija kudai kwamba mnunuzi aliuona akiwa mbali barabarani, utahitaji kuonesha unasomeka kutokea wapi. Ukimaliza, apige rangi.